Kielekezi kinapotangatanga: kutatua matatizo ya telekomande ya kipanya cha hewani

Kwenye meza yangu ya ufundi, karibu na soko la Kenya hapa Lubumbashi, telekomande zinazorudishwa kwa hasira zaidi ni zile zenye kielekezi. Kwenye boksi zake huandikwa Air Mouse. Unaishika mkononi, unageuza kiganja, na kialama kidogo kinatembea kwenye skrini kama cha kompyuta. Inakuja na kipokezi cha USB, kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho unakichomeka kwenye boksi ya Android au kwenye televisheni.

Nyingi kati ya hizo zinazorudishwa ni nzima. Mwenye nayo anaitumia kana kwamba ni tochi inayomulika skrini, wakati yenyewe haijui skrini iko wapi. Ndani yake mna jairoskopu, kifaa kinachohisi kugeuka tu: kiganja kimegeuka kulia kwa kasi gani, kimeinuka kwa kasi gani. Ukiibeba telekomande kutoka upande mmoja wa kochi hadi mwingine bila kuigeuza, kielekezi hakitasogea. Ukiielekeza dirishani na kuigeuza kidogo, kitasogea vilevile. Na ukae mita 2 au mita 5 kutoka kwenye televisheni, kiganja kikigeuka kiasi kilekile, kielekezi nacho kinasogea kiasi kilekile. Kumbuka hilo, maana nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

Nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozileta. Ndani ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi.

Dalili ya 1: Nageuza mkono, hakuna kinachotokea

Kabla ya yote bonyeza kitufe chochote, kisha geuza kiganja tena. Telekomande hizi hulala baada ya muda mfupi bila kuguswa ili kutunza betri, na jairoskopu ndiyo inayozimwa kwanza. Kama mishale inafanya kazi lakini kielekezi hakionekani, basi kielekezi kimezimwa. Tafuta kitufe chenye picha ya kipanya au ya kialama chenye ncha, ukibonyeze mara moja. Watoto hukigusa bila kujua, na mzazi anahesabu kwamba mashine imekufa.

Kama hata mishale haijibu, angalia betri. Nyingi zinatumia mbili ndogo, zile zinazoandikwa AAA. Betri mpya ya kawaida ina volti 1.5. Hizi za bei rahisi za soko, za zinki na kaboni, huanza vizuri lakini nguvu yake hushuka upesi kwenye kifaa kinachofanya kazi mfululizo, na kielekezi kinakula kuliko mishale kwa sababu jairoskopu haipumziki. Nunua za alkali. Zile za kuchajiwa zina volti 1.2 tu, kuna telekomande zinazozikubali na kuna zinazoona kama betri imeisha tangu siku ya kwanza.

Betri ni mpya na bado kimya? Sasa ni zamu ya kipokezi. Kitoe, kipeleke kwenye kompyuta yoyote, ukichomeke, ungoje sekunde chache, halafu geuza kiganja. Jaribio hili linamaliza ubishi wote. Kielekezi cha kompyuta kikisogea, telekomande na kipokezi ni vizima, na tatizo liko kwenye tundu la USB la nyumbani au kwenye televisheni yenyewe. Zipo televisheni ambazo tundu lake la USB ni la kusoma picha na filamu za fleshi peke yake. Hazijui kipanya ni nini, na hakuna mpangilio utakaozifundisha. Hapo unahitaji boksi ya Android, si telekomande nyingine.

Kama hata kwenye kompyuta ni kimya, inawezekana telekomande na kipokezi vimeachana. Kila kipokezi kinamjua mwenzake mmoja. Niliwahi kuletewa telekomande mbili za majirani wa uwanja mmoja, zote "zimekufa," kumbe walibadilishana vipokezi siku ya mechi. Kuziunganisha tena, kwa kawaida unashikilia vitufe viwili pamoja mpaka taa ianze kupepesa haraka, halafu unachomeka kipokezi karibu nayo. Vitufe gani, inategemea modeli, kwa hiyo karatasi iliyokuja ndani ya boksi usiitupe.

Simama hapa: kama tundu la USB lilikuwa linafanya kazi na limekufa baada ya umeme kurudi kwa kishindo, jaribu kuchomeka fleshi yenye taa. Taa isipowaka, tundu halitoi umeme. Usifungue televisheni. Ndani yake mna kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Dalili ya 2: Kielekezi kinatembea chenyewe

Mama mmoja wa Katuba alikuja asubuhi, ameifunga telekomande kwenye kitambaa. Akaiweka mezani polepole.

"Fundi, hii kintu iko natembea yenyewe. Ni bulozi?"

Nikamwambia, "Hapana mama, ni baridi."

Ilikuwa mwezi wa 7. Sisi wa Lubumbashi tunajua asubuhi za Juni na Julai, hewa inaposhuka chini ya nyuzi 10 na watu wanavaa makoti kama vile wako Ulaya. Jairoskopu ikiwa imetulia inapaswa kusema "sifuri, sigeuki." Lakini sifuri yake haikai mahali pamoja, inahama kidogo kadiri joto linavyobadilika. Telekomande iliyolala sebuleni penye baridi, ikashikwa na kiganja chenye joto, inapata joto ndani ya dakika chache. Sifuri inahama, kifaa kinadhani kinageuka polepole, na kielekezi kinateleza kuelekea kona moja ya skrini, mwendo uleule, upande uleule. Hiyo ndiyo alama ya kuitambua: kinateleza pole, bila kuruka.

Dawa yake ni kukipa kifaa nafasi ya kujifunza sifuri upya:

1. Ishike mkononi dakika mbili tatu kwanza, ipate joto itakalotumika nalo.
2. Iweke juu ya meza isiyotikisika, uso juu. Usiiweke kwenye kochi, wala kwenye spika, wala juu ya friji inayonguruma.
3. Usiiguse kwa dakika moja. Nyingi hujipima zenyewe zikiona zimetulia kabisa.
4. Ikiendelea kuteleza, fanya upimaji wa lazima. Kwenye modeli nyingi unatoa betri, unashikilia kitufe kilichotajwa kwenye karatasi, unarudisha betri huku bado umeshikilia, halafu unailaza mezani mpaka taa iache kupepesa.

Kwa yule mama, hatua ya tatu ilitosha. Lakini nilimwomba asiondoke kwanza, akaishika tena dakika tano tukiongea bei ya unga. Kielekezi kilibaki palepale katikati. Kama kingeanza tena kuteleza baada ya hizo dakika tano, ningejua upimaji ulifanyika ikiwa bado baridi, na tungeurudia.

Sababu inayofuata ni betri dhaifu. Jairoskopu isiyopata umeme thabiti inatoa vipimo vya ovyo, na mara nyingi kielekezi huanza kuteleza siku kadhaa kabla betri hazijafa. Kwa hiyo kama unajikuta unapima upya kila jioni, acha kupima, badilisha betri.

Sababu ya tatu ni kuanguka. Telekomande iliyoangukia sakafu ya sementi inaweza kuwa imeumia jairoskopu yenyewe. Ukibadilisha betri, ukapima mara tatu juu ya meza iliyotulia, na bado kielekezi kinateleza ndani ya dakika, usipoteze muda zaidi. Kipande hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele na kimelehemiwa kwenye bodi. Bei ya kukibadilisha inazidi bei ya telekomande mpya. Zima kielekezi, uitumie kwa mishale. Hiyo itaendelea kufanya kazi miaka.

Dalili ya 3: Kielekezi kinaruka na kukwama

Hii si sawa na kuteleza. Hapa kielekezi kinakwenda vizuri, kinasimama, halafu kinatokea mbele ghafla. Ukisogea karibu na televisheni kinatulia. Ukirudi kwenye kochi kinaanza tena. Ishara ya redio ndiyo inayopotea njiani. Jairoskopu haina kosa.

Telekomande hizi huongea na kipokezi kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, sehemu ileile ya hewa inayotumiwa na Wi-Fi nyingi, Bluetooth na vifaa vingine vya nyumbani. Mtengenezaji anaandika mita 10. Mita hizo 10 ni za chumba kitupu, na kipokezi kikiwa kimetazamana na telekomande. Wewe umekichomeka nyuma ya televisheni, kati ya bati la mgongo wake na ukuta wa matofali.

Nitaeleza nyumba moja ya Kampemba, kwa sababu ilikuwa na sababu zote kwa mara moja. Televisheni ya inchi 43 ukutani, boksi ya Android imegandishwa nyuma yake kwa utepe, diski ya nje ya filamu imechomekwa kwenye tundu la bluu la boksi, na kipokezi kiko kwenye tundu la pili, sentimita mbili kutoka hapo. Kochi liko mita 4. Baba wa nyumba alikuwa ameshanunua telekomande ya pili, na nayo ikaruka vilevile. Hilo lenyewe ni jibu: telekomande mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja.

Nilianza kwa kuchomoa diski ya filamu. Kuruka kukapungua sana palepale. Watu hawaamini, lakini tundu la bluu, lile la USB 3.0, na waya wake, vikiwa vinapitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel iliandika juu ya jambo hili mwaka 2012, na ushauri wake mmoja ulikuwa uleule anaoutoa fundi wa mtaani: ondoa kipokezi karibu na hilo tundu. Diski ikiwa imelala, kielekezi kinakwenda. Filamu ikianza kusomwa kutoka kwenye diski, kinaruka. Ukiona mpangilio huo nyumbani kwako, usitafute sababu nyingine.

Lakini baba alitaka diski yake, na ana haki. Nikachukua kebo ya kurefusha ya USB ya mita 1, nikachomeka kipokezi kwenye ncha yake, nikaipitisha chini ya televisheni mpaka kipokezi kikachungulia mbele, kinatazama kochi. Nikarudisha diski. Nikakaa kwenye kochi, nikageuza kiganja polepole kutoka kona hadi kona mara kumi. Kilisita mara moja.

Kile kisito cha mwisho kilikuwa Wi-Fi. Kisambazaji chake kilikuwa juu ya kabati, hatua moja kutoka kwenye televisheni, na boksi ilikuwa imeungwa kwenye mtandao wa gigahezi 2.4. Kisambazaji kilikuwa na mtandao wa gigahezi 5 pia, hakuna aliyeutumia. Tukaiunga boksi kwenye huo wa 5, kipokezi kikabaki na hewa yake. Kama kisambazaji chako hakina gigahezi 5, kisogeze mita mbili mbali na televisheni, au unga boksi kwa waya wa mtandao.

Kwa hiyo mpangilio wa kufuata ni huo: sogea karibu ujaribu, chomoa kila kilichoko kwenye tundu la bluu, kipokezi kipe kebo ya kurefusha, sentimita 50 hadi mita 1 inatosha, mwisho shughulikia Wi-Fi. Kebo hiyo ni ya bei ndogo kuliko telekomande ya pili aliyoinunua baba yule, ambayo sasa iko kwenye droo.

Dalili ya 4: Naelekeza katikati, kielekezi kiko pembeni

Hili halina dawa ya kifundi, kwa sababu si ugonjwa. Kumbuka telekomande haijui skrini iko wapi. Kielekezi kikifika ukingo wa kulia kinasimama, lakini mkono wako unaendelea kugeuka kulia. Ukirudisha mkono kushoto, kielekezi kinaanza kurudi palepale, na sasa mkono umetazama jirani wakati kielekezi kiko katikati ya skrini.

Tumia ukingo wa skrini kurekebisha. Kielekezi kimekuwa upande wa kushoto wa mahali unapoelekeza? Geuza mkono kushoto mpaka kielekezi kigonge ukingo wa kushoto, endelea kugeuza mpaka mkono wako utazame ukingo huo hasa, kisha rudi. Kama kimekuwa upande wa kulia, fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa kulia. Baada ya siku mbili kiganja kinafanya hivyo bila kuuliza kichwa.

Kama kielekezi kinakwenda mshazari wakati wewe unageuza sawa, umeishika telekomande ikiwa imelala ubavu. Zile za bei rahisi zina jairoskopu peke yake, kwa hiyo ubavu wake kwao ndio juu. Zile zinazoandikwa 6-axis zina kifaa cha pili kinachojua upande wa chini ni upi, na zinajirekebisha. Ukinunua, hiyo ndiyo tofauti ya kulipia.

Kielekezi kikipotelea nje ya picha kabisa, ukaona vitufe vya pembeni vimekatwa, televisheni inapanua picha kuliko kioo chake. Kwenye mipangilio ya picha ya televisheni tafuta ukubwa wa picha, uuweke kwenye jina kama Just Scan au Screen Fit. Menyu nyingi za kwetu ziko kwa Kifaransa, na jina hubadilika kwa kila mtengenezaji, lakini utalitambua: ni lile linalofanya picha isinywee na isikatwe.

Kasi nayo. Kikikimbia mno, nyingi zinapunguza kasi ukishikilia OK pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Kwenye boksi za Android kuna pia Vitesse du pointeur, kwa kawaida ndani ya mipangilio ya lugha na uandishi.

Dalili ya 5: Nimebofya OK, programu haifunguki

Hapa ndipo watu wanakosana na telekomande bila sababu, na hapa ndipo pa kujua wakati gani kielekezi ni rahisi kuliko mishale.

Kitufe cha OK ni kimoja lakini kinasema lugha mbili. Kielekezi kikiwa kimewashwa, OK inatuma kubofya kwa kipanya: "nimegusa hapa." Kielekezi kikiwa kimezimwa, OK inatuma "chagua kilichoangaziwa." Programu nayo imeandikwa kwa mojawapo. Zilizotengenezwa kwa televisheni zinategemea mwanga unaoruka kutoka picha hadi picha, na baadhi yake hazijali kubofya hata kidogo. Kielekezi kinapita juu yake kama nzi juu ya kioo. Zilizotengenezwa kwa simu zinategemea kidole. Kwenye hizo, mishale inakwama: mwanga hauonekani uko wapi, au unazunguka vitufe vitatu tu na hauwezi kufika kile unachokitaka.

Kwa hiyo OK isipojibu, jambo la kwanza ni kubonyeza kitufe cha kielekezi, ukizime, ujaribu mishale. Ikijibu, umekwisha kujua programu hiyo ni ya aina gani na hutauliza tena. Mishale isipojibu, washa kielekezi. Kama vyote viwili vinakataa kwenye programu moja tu na kwingine vinafanya kazi, programu ndiyo imeganda. Ifunge kabisa na uifungue.

Orodha ndefu isiyoteremka ni kesi nyingine ya hapohapo. Ukiwa na kielekezi, usitafute kitufe cha kushuka. Weka kielekezi katikati ya orodha, shikilia OK, inua kiganja, kisha achia. Boksi inaona kama kidole kimevuta ukurasa juu.

Sasa tupime. Chukua kibodi ya kwenye skrini ile ya herufi kwa mfuatano wa alfabeti, sita kwa mstari: a hadi f, chini yake g hadi l, na kuendelea. Tuandike "lubumbashi" kwa mishale, tukianzia kwenye a. Kufika l ni hatua 6. Kutoka l hadi u ni 5. Hadi b ni 4, kurudi u ni 4, m ni 3, b ni 3, a ni 1, s ni 3, h ni 3, i ni 1. Jumla hatua 33, ongeza OK 10, unapata mibonyezo 43. Kwa kielekezi ni kulenga mara 10 na kubofya mara 10. Sasa fikiria neno la siri la Wi-Fi lenye herufi kubwa, tarakimu na alama zinazokaa ukurasa mwingine wa kibodi. Mishale hapo ni adhabu.

Kielekezi kinashinda pia kwenye kurasa za mtandao, kwenye programu za simu, na kwenye kuruka mpaka katikati ya filamu: unabofya tu katikati ya mstari wa muda.

Lakini menyu ya mistari saba, ambayo unachokitaka ni mstari wa tatu? Mibonyezo miwili chini, OK moja, bila hata kutazama mkono. Kwa kielekezi itabidi ulenge mstari mwembamba ukiwa mita 4. Safu za picha za filamu, kupandisha sauti, kurudi nyuma, mipangilio ya televisheni yenyewe: mishale. Na mzee ambaye mkono wake unatetemeka, mwachie mishale siku zote. Shemeji yangu alimwekea baba yake kielekezi kwa heshima, mzee akarudi kuangalia habari kwa redio.

Jambo dogo linalochanganya wenye kielekezi: wakati wa kubofya, kidole gumba kinasukuma telekomande chini kidogo, na kielekezi kinashuka kabla ya kubofya. Unafungua kitu cha chini yake. Shika telekomande kwa vidole vinne vikiwa vimeibana kutoka chini, na gumba libonyeze bila kifundo cha mkono kushiriki. Au lenga juu kidogo ya unachokitaka.

Dalili ya 6: Inaendesha kila kitu, lakini haiwashi televisheni

Ni kawaida. Kipokezi cha USB kinapata umeme kutoka kwenye kifaa kilichowaka. Kifaa kikizimwa na USB ikakatwa, hakuna anayesikiliza. Kitufe cha kuwasha kwenye telekomande hizi hutumia mwanga usioonekana, kama telekomande ya zamani, lakini lazima kifundishwe kwanza. Kwa kawaida unashikilia kitufe hicho sekunde chache mpaka taa ibadilike, unaweka telekomande ya asili ya televisheni ikitazamana nayo kwa umbali wa sentimita chache, unabonyeza kitufe cha kuwasha cha ile ya asili mara moja. Ikikataa kujifunza, kagua ile ya asili kwa kamera ya simu, ikiwezekana ya mbele: bonyeza kitufe ukitazama skrini ya simu, uone kama taa inang'aa zambarau. Isipong'aa, mwalimu mwenyewe ndiye mgonjwa.

Betri iliyovuja, betri iliyovimba

Ukifungua mfuniko ukakuta ungaunga mweupe au majimaji, usiguse kwa mkono mtupu. Kilichovuja kwenye betri ya alkali kinaunguza ngozi na ni hatari zaidi kwa macho. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, toa betri, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa pamba yenye spiriti, uache wazi mpaka pakauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya. Chuma kikiwa kimeliwa mpaka kimekatika, lete kwa fundi. Kulehemu kipande kipya ni kazi ya dakika kumi.

Telekomande zenye betri ya kuchajiwa ya ndani ni habari nyingine. Ukiona mgongo umeinuka, mfuniko haufungi, au inapata moto ikiwa kwenye chaja, ichomoe, iweke juu ya sementi mbali na pazia na godoro, na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza ili ifunge. Hiyo mletee fundi siku hiyohiyo, na mwambie kabla hajashika bisibisi.